Kupanga Upya Mkopo au Kuuhamisha: Gharama, na Kinachobaki Kwenye Rekodi

Mkopo uliopangwa upya ni mkopo uleule, kwa benki ileile, wenye masharti mapya. Muda wa kulipa unarefushwa, rejesho la kila mwezi linapungua, pengine kwa miezi michache inalipwa riba peke yake, na mara chache sana riba yenyewe inateremshwa. Mkopo uliohamishwa ni jambo jingine. Mkopaji anachukua mkopo mpya, aghalabu kutoka benki nyingine au SACCO, fedha zake zinalipa deni la zamani lote kwa mkupuo, akaunti ya zamani inafungwa, na hesabu inaanza upya mahali pengine. Nchini Kenya husemwa kwamba mkopo "umenunuliwa", na benki zinatangaza huduma hiyo kwa jina hilohilo.

Machoni pa mkopaji aliyebanwa, njia hizi mbili huonekana kuwa moja, kwa sababu zote zinaishia kwenye rejesho dogo zaidi. Lakini milango yake haifunguki kwa wakati mmoja. Benki inayonunua mkopo inatafuta mteja mzuri wa mwenzake, yaani mtu anayelipa vizuri na ambaye angependa riba nafuu. Benki inayopanga upya inashughulika na mteja wake mwenyewe aliyeanza kuyumba, au anayeona kwamba ataanza kuyumba. Ndiyo maana kuhamisha hupatikana kirahisi wakati ambapo hakuna shida, na shida ikishaingia hubaki kupanga upya tu. Wengi hufuata mpangilio ulio kinyume: husubiri hadi malimbikizo yafike miezi mitatu, kisha huzunguka benki nyingine kutafuta mnunuzi wa deni, na kurudi kwa benki yao wakiwa wamechelewa.

Kinachoamua kuchelewa ni nini ni siku ambazo rejesho limekaa bila kulipwa. Miongozo ya Benki Kuu ya Kenya inazitaka benki zigawe mikopo yake katika madaraja matano. Mkopo unaolipwa kwa wakati, au uliochelewa kwa siku zisizozidi 30, uko daraja la kawaida. Kuanzia siku ya 31 hadi ya 90 unaingia daraja la kuangaliwa. Ukipita siku 90 unahesabiwa kuwa mkopo chechefu na unaingia daraja la chini ya kiwango, ambako hukaa hadi siku ya 180. Baada ya hapo huwa wa mashaka, na ukipita siku 360 huhesabiwa kuwa hasara.

Kila daraja lina gharama yake kwa benki. Miongozo hiyo inaitaka benki itenge akiba ya hasara isiyopungua asilimia 1 kwa mikopo ya kawaida, asilimia 3 kwa ile ya kuangaliwa, na asilimia 20 kwa ile iliyo chini ya kiwango. Kwa madaraja mawili ya mwisho akiba ni asilimia 100. Kwa deni la shilingi 900,000, na kabla ya kuzingatia thamani ya dhamana, hiyo ina maana ya kutenga 9,000, kisha 27,000, kisha ghafla 180,000. Hapa ndipo ulaini wa afisa wa mikopo kabla ya siku ya 90 unapoeleweka, na ugumu wake baadaye. Kabla ya siku hiyo, kumkubalia mkopaji masharti mapya ni njia ya benki kuepuka gharama. Baada yake gharama imeshaingia vitabuni, na barua ya kupanga upya haiiondoi mara moja.

Hesabu ya gharama kwa mkopaji inaonekana vizuri zaidi kwa mfano. Mfano huu ni wa kubuni, lakini muundo wake ni wa kila siku. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Nakuru anadaiwa salio la shilingi 900,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio linalopungua, na amebakiza miezi 24. Rejesho lake ni takribani 44,930 kwa mwezi. Akimaliza kama alivyoanza, atakuwa amelipa 1,078,400, yaani riba ya karibu 178,400 juu ya salio. Mauzo yameshuka, na kiasi anachoweza kukimudu bila kugusa fedha za kununulia mzigo ni kama 30,000 kwa mwezi.

Anakwenda kwenye benki yake kabla ya kukosa rejesho hata moja. Benki inakubali kuongeza miezi 18, hivyo muda uliobaki unakuwa miezi 42, riba inabaki ileile, na anatozwa ada ya asilimia 1 ya salio, yaani 9,000. Rejesho linashuka hadi 29,040. Hiyo ndiyo nafuu aliyoitaka. Jumla ya marejesho, hata hivyo, inapanda hadi 1,219,600, na pamoja na ada inafika 1,228,600. Nafuu ya karibu 15,900 kwa mwezi imenunuliwa kwa shilingi 150,000 na ushei, zitakazolipwa kidogokidogo katika miezi ambayo mkopo wa awali ungekuwa umeshasahauliwa. Barua ya masharti mapya haiandiki kiasi hicho popote kwa namna inayogonga macho. Inaandika rejesho jipya, idadi ya miezi na tarehe ya mwisho. Mkopaji anapaswa kuzidisha mwenyewe.

Kama angengoja miezi miwili bila kulipa, barua hiyo ingekuwa na mstari mmoja zaidi: riba iliyolimbikizwa na adhabu za kuchelewa zinaongezwa kwenye deni la msingi. Tuseme mstari huo ni shilingi 30,000. Deni jipya ni 930,000, na rejesho linakuwa 30,000 kamili badala ya 29,040. Tofauti inaonekana ndogo, lakini katika miezi 42 zile 30,000 zimekuwa kama 40,600, kwa sababu riba ya jana imegeuzwa kuwa deni linalozaa riba kesho. Mkopaji mwenye akiba kidogo hufanya vizuri kuipeleka hapa: alipe malimbikizo kwa fedha taslimu na kuacha deni la msingi pekee ndilo lipangwe upya. Baadaye itaonekana kwamba hatua hiyo ina faida nyingine kwenye rekodi.

Njia ya pili kwa mtu huyohuyo ni kuuhamisha mkopo kwenye benki inayotoza asilimia 15. Pengo la asilimia 3 linavutia, na tangazo la benki hiyo halitaji kingine. Lakini mkopo mpya hauji bure. Mkataba wa zamani una kipengele cha ada ya kulipa kabla ya muda, tuseme asilimia 3 ya salio, yaani 27,000. Benki mpya inatoza ada ya kuchakata mkopo ya asilimia 2.5, yaani 22,500. Dhamana ni kiwanja, hivyo rehani ya zamani inabidi iondolewe kwenye sajili ya ardhi na mpya iandikishwe. Hapo wanaingia mthamini, wakili wa benki ambaye bili yake humwangukia mkopaji, bima ya mkopo na ada za sajili. Ushuru wa stempu kwenye rehani ni kidogo, asilimia 0.1 ya kiasi kinachodhaminiwa. Kinachouma ni mthamini na wakili, ambao malipo yao hayapungui sana hata mkopo ukiwa mdogo. Tuseme hayo yote ni 50,500. Jumla ya kuhamia ni 100,000.

Kwa miezi 42 kwa asilimia 15, rejesho ni 27,670 na jumla ya marejesho ni 1,162,300. Ukiongeza ile laki moja, mkopo uliohamishwa umegharimu 1,262,300. Riba nafuu imeokoa shilingi 57,000 na kitu ukilinganisha na kupanga upya, na gharama za kuhamia zimezimeza zote na kuomba nyongeza. Na kwa kuwa mtu aliyebanwa hana laki moja mfukoni, benki mpya humwambia asijali, gharama zitaingizwa kwenye mkopo. Basi anakopa 1,000,000 badala ya 900,000, na rejesho lake linakuwa 30,750, kubwa kuliko lile la kupanga upya. Amepata riba nafuu na rejesho zito zaidi kwa pamoja.

Haifuati kwamba kuhamisha ni hasara siku zote. Kinachoangusha mfano huu ni udogo wa salio na ufupi wa muda. Chukua mkopo wa nyumba wenye salio la 4,500,000 na miaka kumi mbele yake. Kwa asilimia 18 rejesho ni 81,080, na kwa asilimia 15 ni 72,600. Tofauti ni 8,480 kwa mwezi, ambayo kwa miaka kumi inazidi shilingi milioni moja. Hata kama gharama za kuhamia zingefika 360,000, zingerudi baada ya miezi 42 au 43, na miaka sita iliyobaki ingekuwa faida tupu. Kipimo cha haraka ni hicho: gharama zote za kuhama zigawanywe kwa tofauti ya rejesho la mwezi, na jibu ndilo idadi ya miezi ya kungoja kabla ya faida kuanza. Kipimo hiki ni cha kweli pale tu muda uliobaki unapokuwa sawa pande zote mbili. Ukilinganisha rejesho la miezi 24 na la miezi 42, tofauti utakayoiona ni ya muda zaidi kuliko ya riba, na hapo ndipo matangazo mengi ya kununua mikopo yanapopata mvuto wake.

Kuna mtego mwingine wa kulinganisha, nao huwakamata zaidi wanaohama kutoka benki kwenda taasisi ndogo za mikopo. Riba ya asilimia 10 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye kiasi cha awali bila kupungua, kwa 900,000 na miezi 24, inazaa shilingi 180,000. Ile ya asilimia 18 kwenye salio linalopungua ilizaa 178,400. Mkopaji anayehama kutoka 18 kwenda 10 ya namna hii hajahama kokote kwa upande wa riba, na amelipa ada za safari. Swali la kuuliza si riba ni asilimia ngapi. Ni jumla ya shilingi zote zitakazotoka, ada na bima zikiwemo, hadi siku ya mwisho. Benki inayojibu kwa jedwali la marejesho ya mwezi kwa mwezi imejibu swali, na inayorudia asilimia peke yake bado haijajibu.

Kwenye rekodi njia hizi zinaachana zaidi. Taarifa za mikopo nchini Kenya hukusanywa na kampuni tatu zenye leseni ya Benki Kuu, ambazo ni TransUnion, Metropol na Creditinfo, na watu huziita zote kwa jina moja la CRB. Katika mazungumzo ya mtaani, "kuwa CRB" ni kufungiwa mikopo. Kwa kweli kila mwenye mkopo wa benki yuko CRB, anayelipa na asiyelipa, kwa sababu taarifa nzuri hupelekwa pamoja na mbaya. Ripoti inaonyesha kila akaunti kwa mstari wake: nani alitoa mkopo, kiasi cha awali, salio, siku za kuchelewa, na hali ya akaunti. Katika hali hizo kuna ya mkopo unaoendelea, uliofungwa, uliolipwa, uliofutwa vitabuni, na pia kuna ya mkopo uliopangwa upya.

Mkopo uliohamishwa ukiwa haujawahi kuchelewa huacha alama safi. Mstari wa zamani unaandikwa kuwa umefungwa na salio sifuri, mstari mpya unafunguliwa, na ombi la benki mpya la kutazama ripoti linabaki likionekana. Kibaya pekee ni kwamba akaunti ndefu yenye historia nzuri imekoma na mahali pake pana akaunti changa isiyo na historia. Ombi moja halimdhuru mtu. Maombi sita kwa benki sita katika mwezi mmoja yanasomwa na afisa wa saba kama dalili ya mtu anayehaha kutafuta fedha, hata kama alikuwa akilinganisha bei tu. Ni busara kuomba bei kwa mdomo au kwa makadirio ya maandishi, na kuiruhusu benki moja au mbili pekee kuvuta ripoti.

Kama mkopo ulikuwa umechelewa kabla ya kuhamishwa, kuufunga hakufuti kilichotokea. Kwa kanuni za Kenya, taarifa ya kushindwa kulipa hubaki kwenye ripoti kwa miaka mitano tangu deni lilipomalizwa. Hubadilika maelezo yake: kutoka mkopo chechefu kuwa mkopo uliolipwa ambao uliwahi kuwa chechefu. Benki nyingine husoma tofauti hiyo kwa makini, nyingine hazijali, kila moja ina sera yake.

Mkopo uliopangwa upya ukiwa bado daraja la kawaida hubaki daraja hilo, na mstari wake unaonyesha kwamba masharti yalibadilishwa. Benki inayousoma itauliza kwa nini, na mkopaji mwenye sababu inayoeleweka, kama vile mteja mkubwa aliyechelewa kulipa au msimu uliokauka, huwa na la kujibu. Ukipangwa upya ukiwa daraja la kuangaliwa, siku za kuchelewa zilizokwisha kuandikwa hazifutiki, lakini mkopo haujavuka mstari wa siku 90, na hilo ndilo jambo kubwa. Kwa utaratibu wa Kenya, benki inatakiwa impe mkopaji notisi ya siku 30 kabla taarifa yake mbaya haijapelekwa. Notisi hiyo mara nyingi ni ujumbe mfupi wa simu ambao mtu huusoma kama vitisho vya kawaida na kuufuta. Kwa hakika ni kalenda: inamwambia amebakiza mwezi mmoja wa kuzungumza akiwa na karata mkononi.

Hali inageuka pale mkopo unapopangwa upya ukiwa tayari ni chechefu. Wakopaji wengi huamini kwamba sahihi kwenye barua mpya inasafisha jina. Miongozo ya Benki Kuu inasema vingine. Mkopo chechefu uliopangwa upya huendelea kuhesabiwa kuwa chechefu hadi riba yote iliyolimbikizwa ilipwe kwa fedha taslimu na mkopaji aonyeshe kwa miezi isiyopungua sita mfululizo kwamba anaumudu mpango mpya. Sharti hilo la fedha taslimu ndilo linaloipa thamani ya pili ile hatua ya kulipa malimbikizo badala ya kuyaingiza kwenye deni. Malimbikizo yaliyoingizwa kwenye deni hayajalipwa, yamebadilishwa jina tu.

Kwa hiyo mtu anayepanga upya mwezi Machi mkopo uliochelewa kwa siku 120 asitarajie ripoti yake kubadilika Aprili. Akilipa bila kuruka, mapema kabisa ni Septemba au Oktoba. Katika kipindi hicho hakuna benki itakayoununua mkopo huo, na akikosa rejesho moja hesabu ya miezi sita huanza upya. Wapo wanaolipa miezi mitatu, wakaona ripoti bado imeandika chechefu, wakakasirika na kuacha kulipa kwa hoja kwamba benki imewadanganya. Hasira hiyo ina msingi kwa kiasi fulani, kwa sababu ni maafisa wachache wanaoeleza sharti hilo siku ya kutia sahihi.

Kuna kanuni moja ya sheria ambayo kupanga upya kunaigusa kimyakimya. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki ya Kenya, kilichoanza kutumika mwezi Mei 2007, kinaweka ukomo kwenye deni lililoshindikana: riba ambayo benki inaweza kudai baada ya mkopo kuwa chechefu haizidi deni la msingi lililokuwepo siku hiyo. Mwenye deni la msingi la 500,000 mkopo unapokuwa chechefu hatadaiwa riba zaidi ya 500,000 nyingine, gharama za kufuatilia deni ukiziweka kando. Lakini kifungu hichohicho kinasema kwamba mkopo ukirudi kulipwa kisha ukashindikana tena, ukomo unahesabiwa kuanzia mara ya mwisho uliposhindikana. Mkopo uliopangwa upya kwa kuingiza malimbikizo kwenye deni, ukalipwa mwaka mmoja na kuanguka tena, unaweza kuanza na msingi mkubwa kuliko ule wa kwanza. Kwa mkopaji ambaye biashara yake imekufa kabisa na hana matumaini ya kufufuka, mpango mpya unaorefusha safari tu unaweza kumwongezea deni la mwisho. Kwake yeye mazungumzo yenye maana zaidi ni ya kuuza mali mwenyewe kwa bei ya soko, au kuomba punguzo la kumaliza deni kwa mkupuo.

Mwaka 2020 Kenya ilifanya jaribio kubwa la kupanga upya mikopo bila kugusa rekodi. Tarehe 18 Machi mwaka huo Benki Kuu ilitangaza hatua za dharura kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mkopaji ambaye mkopo wake ulikuwa ukilipwa vizuri kufikia tarehe 2 Machi 2020 aliweza kuomba muda zaidi, benki zikabeba gharama zenyewe, na mkopo haukushushwa daraja kwa sababu ya kupangwa upya. Hatua hizo zilipofikia ukomo, Machi 2021, mikopo ya shilingi trilioni 1.7 ilikuwa imepangwa upya, sawa na asilimia 57 ya mikopo yote ya benki nchini. Sharti la kuwa mlipaji mzuri kabla ya janga ndilo lililokuwa uti wa mpango. Aliyekuwa amechelewa Februari hakuhusika. Na kilichosamehewa kilikuwa ada na daraja, si riba: miezi iliyoongezwa iliendelea kuzaa riba kama kawaida, jambo ambalo wengi waliligundua walipoona tarehe mpya ya kumaliza mkopo.

Mwenye mshahara ana hesabu yake tofauti kidogo. Sheria ya Ajira ya Kenya hairuhusu makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara, na SACCO au benki inayonunua mkopo huangalia hati ya mshahara kwanza kabla ya ripoti ya CRB. Mkopo wa mshahara hauna rehani wala mthamini, hivyo gharama za kuhama ni ndogo, na SACCO nyingi hutoza riba chini ya benki. Kwa upande huu kuhamisha kuna maana hata kwa salio dogo. Hatari yake iko kwenye nyongeza. Mnunuzi wa mkopo huja na pendekezo la kuongeza fedha kidogo juu ya deni linalonunuliwa na kurudisha muda hadi miaka sita au saba. Mwalimu aliyebakiza miezi 20 anatoka na miezi 72 na laki mbili mkononi, na riba ya miezi 52 ya ziada ndiyo bei ya hizo laki mbili. Kila baada ya miaka miwili anauziwa upya. Ripoti yake ya CRB ni safi kabisa muda wote huo, na mkopo wake haujawahi kupungua.

Wadhamini nao wanahusika. Mkopo ukihamishwa, mdhamini wa zamani anaachiliwa kwa kuwa deni alilolidhamini limelipwa, na benki mpya inatafuta wake. Ukipangwa upya, mdhamini anabaki, lakini masharti aliyoyakubali yamebadilika. Kisheria, kubadilisha mkataba kwa kiasi kikubwa bila ridhaa ya mdhamini kunaweza kumfungua kifungo chake, ndiyo maana benki humtaka asaini barua mpya. Mdhamini anayekataa kusaini anaweza kuuzuia mpango mzima, na mkopaji anayemficha shemeji yake kwamba mambo yamekuwa magumu hugundua kwamba siri hiyo haiwezi kuishi zaidi ya ofisi ya benki.

Katika benki za Kiislamu, ambazo Mombasa na Nairobi zimekuwa na wateja wengi tangu 2008, hesabu ya kupanga upya inabadilika. Katika murabaha bei imefungwa siku ya mauzo, hivyo kurefusha muda hakuongezi deni. Kinachopotea ni faida ya benki, na kwa hiyo benki huwa nzito kukubali muda mrefu sana. Kuhamisha nako hakuwezi kuwa kununua deni kwa faida. Benki mpya hulazimika kuingia kwenye mali yenyewe, kwa ubia unaopungua kwa mfano, na karatasi zake ni nyingi zaidi.

Baada ya mkopo kuhamishwa au kupangwa upya, kosa la kawaida kuliko yote ni la kiofisi. Benki ya zamani inapokea fedha, inafunga akaunti vitabuni mwake, na haipeleki taarifa CRB kwa wakati. Au fedha za kununua mkopo zinafika siku tatu baada ya hesabu ya salio kutolewa, riba ya siku tatu inabaki bila kulipwa, na salio la shilingi mia kadhaa linaanza kuhesabiwa siku za kuchelewa. Tangu kanuni za CRB za 2020, deni lililo chini ya shilingi 1,000 halimwingizi mtu kwenye orodha ya walioshindwa kulipa, na hilo limepunguza visa vya aina hiyo, lakini mabaki ya 1,400 au 2,600 bado yapo. Tiba yake ni hati mbili. Ya kwanza ni barua ya salio la mwisho inayotaja tarehe ambayo hesabu inaishia na riba ya kila siku baada yake, ili benki mpya itume kiasi kamili. Ya pili ni barua ya benki ya zamani inayothibitisha kwamba akaunti imefungwa kwa salio sifuri, ambayo hutunzwa pamoja na hati miliki. Kila mkopaji ana haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka kutoka kila kampuni ya CRB, na wakati mzuri wa kuitumia ni miezi miwili hivi baada ya mabadiliko, wakati benki zote mbili zimekwisha kupeleka taarifa zao za mwezi. Mstari wa zamani ukiwa bado unaonyesha salio, pingamizi hupelekwa kwa kampuni hiyo pamoja na nakala ya barua ya pili, na benki iliyotoa taarifa ndiyo inayotakiwa kuisahihisha.